Nauli ya teksi mtandao: skrini iliandika 1.6x, nimelipa zaidi ya mara mbili. Hesabu inakwendaje?

Mkazi wa Sinza
Wakuu, habari za Jumamosi. Nina risiti mbili hapa za apu moja, aina moja ya gari, njia ile ile, ila moja ya kwenda na nyingine ya kurudi.

Jumapili asubuhi: Sinza Mori hadi Posta, kilomita 9.4, dakika 24, nauli 8,600. Bei haikuwa imepanda.

Jana Ijumaa saa kumi na mbili jioni: Posta hadi Sinza Mori, kilomita 9.8, dakika 61, nauli 18,100. Kabla ya kuagiza skrini ilionyesha 1.6x na makadirio ya 15,900. Nikakubali, maana mvua ilikuwa imeshaanza.

Sasa nichukue 8,600 nizidishe mara 1.6, napata 13,760. Hiyo nyongeza ya zaidi ya buku nne imetoka wapi? Na makadirio ya 15,900 nayo yametoka wapi, maana hayafanani na 13,760 wala na 18,100?

Viwango nilivyovikuta kwenye apu ni hivi: kuanzia safari 1,000, kila kilomita 600, kila dakika 70, ada ya kuagiza 300, kima cha chini cha nauli 3,000. Malipo wanakata kwa kuweka sawa kwenye mia iliyo karibu. Sitaki kuambiwa nipande daladala, nataka hesabu.

Kijana wa Buza
Hesabu gani mkuu, umepigwa. Mimi siku hizi naagiza, dereva akifika namwambia tukubaliane bei, aghairi safari kwenye simu yake tuondoke. Kila mtu anafurahi.

Mkazi wa Sinza
@Kijana wa Buza na ukisahau simu kwenye kiti utamtafutia wapi? Safari haipo kwenye rekodi.

Mbongo Ughaibuni
Mimi niko London. Teksi nyeusi za huku zina mita inayosoma umbali, lakini gari likishuka chini ya mwendo fulani inahamia kusoma muda. Hailipishi vyote viwili kwa wakati mmoja. Apu nazo ndivyo zilivyo: dakika zinahesabiwa gari likiwa limesimama tu. Kwa hiyo Ijumaa kama ulisimama kwenye foleni nusu saa, ulitakiwa ulipie dakika 30 na si 61. Dai urudishiwe.

Hesabu Tu
@Mbongo Ughaibuni kuhusu mita ya London uko sahihi, ila risiti ya jamaa inakataa kwamba apu yake inafanya hivyo. Tazama ile ya Jumapili. 1,000 ya kuanzia, 9.4 mara 600 ni 5,640, na dakika 24 mara 70 ni 1,680. Jumla 8,320, ongeza ada ya kuagiza 300 unapata 8,620, ambayo ikiwekwa sawa ni 8,600. Imegota palepale kwa kutumia dakika zote 24, na Jumapili asubuhi hakuna mtu anayesimama dakika 24 kati ya Sinza na Posta. Saa inaanza dereva anapobonyeza kuanza safari na inaisha anapobonyeza kumaliza, gari litembee lisitembee. Kilomita zinahesabiwa sambamba. Ndiyo maana bei ya dakika inaonekana ndogo: haifanyi kazi peke yake.

@Mkazi wa Sinza hiyo 1.6 haizidishi nauli yako ya Jumapili. Apu haijui kabisa kwamba uliwahi kupita hapo Jumapili. Inazidisha nauli ya safari ya Ijumaa yenyewe, ambayo hata bila kizidishi ilikuwa imeshakuwa kubwa kwa sababu ya foleni:

```
1000 + 600*9.8 + 70*61 = 11150
11150 * 1.6 = 17840
17840 + 300 = 18140
```

Ikiwekwa sawa ni 18,100, yaani risiti yako. Ada ya kuagiza imekaa nje ya kizidishi. Ingekuwa ndani, 11,450 mara 1.6 ingetoa 18,320 na ungeandikiwa 18,300. Tofauti ni mia mbili tu, lakini inatosha kukuonyesha mpangilio wao ulivyo.

Kwa hiyo kutoka Jumapili hadi Ijumaa umeongezewa 9,520. Foleni na zile mita mia nne za kuzunguka zimechangia 2,830. Kizidishi kimechangia 6,690. Na ndani ya hiyo 6,690 kuna 2,562 ambazo ni kizidishi kikizidisha dakika za foleni. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanadhani foleni ni jambo moja na bei kupanda ni jambo lingine, kumbe vinazidishana, halafu vyote viwili vina tabia ya kuja saa moja.

Mkazi wa Sinza
Aisee. Nimekuelewa kwenye 18,100. Makadirio je? 15,900 waliitoa wapi?

Hesabu Tu
Kilomita na kizidishi walivijua ulipobonyeza. Kisichojulikana mapema ni dakika, hiyo wanabashiri. Rudi kinyumenyume: toa 300 kwenye 15,900, zinabaki 15,600. Gawa kwa 1.6, ni 9,750. Toa 1,000 ya kuanzia na 5,880 ya kilomita, zinabaki 2,870, sawa na dakika 41. Apu ilitegemea ufike kwa dakika 41, ukafika kwa 61. Dakika 20 za ziada, kila moja 70 mara 1.6, yaani 112, zinakuwa 2,240. Ndiyo tofauti ya makadirio na ulicholipa, ukiacha zile shilingi za kuweka sawa.

Kitu kimoja cha kukumbuka hapo. Kizidishi kilifungwa wakati unaagiza. Hata kama bei ilishuka ukiwa Selander, wewe uliendelea kulipia kila dakika kwa 112 hadi mlangoni. Na kingepanda hadi 2 ukiwa njiani, wewe ungebaki na 1.6 yako.

Bibie wa Kinondoni
Samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi safari yangu ni fupi kuliko hata maelezo yenu. Juzi kutoka ofisini hadi kituo cha mwendokasi cha Morocco, kilomita 1.2, dakika 6, nimelipa 4,500! Skrini ilisema 1.4x. Apu ni hiyo hiyo ya mleta mada, viwango hivyo hivyo. Nikipiga kwa njia yako @Hesabu Tu haifiki hata 3,500. Au dereva alinizungusha?

Hesabu Tu
@Bibie wa Kinondoni hakukuzungusha, kilomita 1.2 ni kilomita 1.2. Hapa kinachoongea ni kima cha chini.

Safari yako peke yake ni 1,000 na 720 na 420, jumla 2,140. Iko chini ya 3,000, kwa hiyo lazima ipandishwe. Swali ni ipandishwe lini. Kama wangezidisha kwanza, 2,140 mara 1.4 ni 2,996, halafu wakaipandisha kufikia 3,000, ukaongeza 300 ya kuagiza, ungelipa 3,300. Kizidishi kisingekugusa kabisa. Lakini wao wameipandisha kwanza kuwa 3,000, ndipo wakazidisha: 4,200, na 300, ndiyo 4,500 yako. Namba ni zile zile, umeanza na hatua ipi tu, na buku na mia mbili zimeondoka.

Wanaopanda safari fupi waangalie hapo. Ukitaka kujua apu yako inafuata njia ipi, tafuta risiti ya safari fupi iliyokuwa na kizidishi. Ikisoma sawasawa na kima cha chini na ada, umeshinda. Ikisoma juu ya hapo, jaribu kugawa kama nilivyofanya.

Bibie wa Kinondoni
Kwa hiyo nilikuwa nalipia kilomita ambazo sikuzipanda, halafu zikazidishwa na 1.4. Asante, kesho natembea.

Dereva wa Passo
Nimesoma kimya kimya, sasa niseme. Mnahesabu kama vile hiyo 18,100 iliingia mfukoni mwa dereva.

Ada ya kuagiza yote ni yao. Kwenye 17,840 iliyobaki, mimi ninakokatwa kamisheni ni asilimia 25. Inabaki 13,380. Kwa dakika 61. Sasa chukua Jumapili ya huyo bwana: 8,320, toa asilimia 25, dereva amebaki na 6,240 kwa dakika 24. Gawa mwenyewe. Jumapili dereva alipata 260 kwa dakika. Ijumaa, pamoja na hiyo 1.6 mnayoilalamikia, alipata 219. Na Ijumaa mafuta yameungua kiyoyozi kikiwa kimewashwa na gari halitembei.

Sasa ondoa kizidishi. 11,150 toa asilimia 25 ni 8,362. Kwa dakika 61 ni 137 kwa dakika. Nani atatoka Posta saa kumi na mbili kwa bei hiyo? Ndiyo maana mnapigiwa simu, "Bosi unaelekea wapi?" Dereva akisikia Sinza, Tegeta au Mbezi anaghairi, si kwamba ana roho mbaya. Anajua dakika ya foleni inalipa 70.

Tatizo halisi si 1.6. Tatizo ni dakika kulipwa 70. Kilomita wameipa bei ya maana, dakika wameitupa. Kisha ikifika jioni wanatumia kizidishi kuziba pengo ambalo bei ya dakika ingeziba yenyewe.

Mkazi wa Sinza
@Dereva wa Passo sijawahi kuliangalia upande huo. Wewe ungetaka dakika iwe shilingi ngapi?

Dereva wa Passo
Ile safari ya Ijumaa bila kizidishi, ili inilipe kama Jumapili, dakika ingebidi iwe kama 234.

Hesabu Tu
Nimeihakiki, 234 iko sawa kwa safari hiyo. Lakini dakika ya 234 haitangoja Ijumaa. Jumapili hiyo hiyo, dakika 24 zingekuwa 5,616 na nauli ingefika 12,600 badala ya 8,600, barabara ikiwa nyeupe. Wangapi wangeagiza?

Na kuna dakika ambazo hujazitaja, mkuu. Jumapili ulipata 260 kwa dakika ukiwa na abiria. Kabla ya abiria huyo ulikaa chini ya mti muda gani? Ijumaa jioni ukimshusha mtu hapo, simu inalia kabla hajafunga mlango. Ukihesabu siku nzima, pengo la 260 na 219 linaweza kugeuka.

Dereva wa Passo
Linaweza. Ila ukishusha Sinza Ijumaa saa moja usiku, simu inayolia inakutaka wapi? Posta tena, unarudi tupu. Kilomita za kurudi tupu hazimo kwenye risiti ya mtu yeyote.

Mkenya Mtulivu
Huku Nairobi jambo hili liliwekewa sheria. Kanuni za NTSA za 2022 zinasema kampuni isimkate dereva zaidi ya asilimia 18. Kwa hivyo huyo abiria wa Sinza angelipa pungufu.

Hesabu Tu
@Mkenya Mtulivu asilimia ya kamisheni haigusi anacholipa abiria, inagusa tu namna wanavyogawana kile alicholipa. 18,140 ingebaki 18,140. Dereva ndiye angeondoka na 14,629 badala ya 13,380. Isipokuwa kampuni ikiona imepungukiwa ikapandisha viwango au ada ya kuagiza, na hilo huwa linakuja polepole.

Kwetu tumeshaliona likifika mbali zaidi. LATRA walipoweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15, Uber walisimamisha huduma zao Tanzania Aprili 2022, na walirudi mwanzoni mwa 2023 baada ya masharti kurekebishwa.

Mkenya Mtulivu
Sawa, lakini dereva akilipwa vizuri hataghairi, na akikubali safari magari yanakuwa mengi barabarani, na yakiwa mengi kizidishi kinashuka. Kwa hivyo inagusa.

Hesabu Tu
Hiyo hoja naikubali, ila ni ndefu kuliko risiti moja.

Kijana wa Buza
Mnaongea kama wahasibu. Dawa ya kizidishi ni miguu. Mjini wamekata ramani vipande vipande, kila kipande kina bei yake. Mimi nikiona imepanda nasogea mtaa wa pili, naagiza tena, imeshuka.

Hesabu Tu
Katika uzi mzima hili ndilo la maana ulilosema 😄 Kizidishi kinafuata sehemu unapochukuliwa, hakifuati unapokwenda. Uber kwa mfano hugawa ramani katika vipande vya pembe sita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern walifuatilia jambo hili Marekani, matokeo wakayatoa 2015, wakakuta mtu akitembea kidogo kuingia eneo la jirani wakati mwingine anapata bei ndogo, na kwamba wakati huo kizidishi kilikuwa kinabadilika kila baada ya dakika 5. Kwa hiyo hata kusubiri kidogo ni njia.

Ila ina mipaka. Ijumaa jioni yenye mvua, Posta, Kisutu na Kariakoo zote zimepanda pamoja. Ungetembea hadi wapi?

Dereva wa Passo
Na mkishasogea msogeze na pini. Abiria anaagiza akiwa mtaa huu, pini ameiacha kule alikotoka, mimi nazunguka Kisutu nzima kwa sababu ya mia tano yake.

Mama Tegeta
Jamani, mimi apu yangu inanipa bei moja kabla ya safari na haibadiliki hata tukikaa foleni. Haisemi habari za mara ngapi wala dakika. Hiyo inahesabiwaje?

Hesabu Tu
@Mama Tegeta hesabu kwa ndani inaweza kuwa ya aina hiyo hiyo, kilomita na dakika za kubashiri na kizidishi, ila wameufunga ubashiri ukawa bei. Kwa mleta mada, bei iliyofungwa ingekuwa 15,900 na zile dakika 20 zisingemhusu. Mara nyingi wanaweka sharti kwamba ukibadilisha unakokwenda au ukiongeza kituo, bei inapigwa upya.

Swali la kuuliza ni nani anabeba zile dakika 20. Dereva akilipwa kwa kilomita na dakika halisi, kampuni imezibeba. Akilipwa sehemu ya ile bei iliyofungwa, kazibeba yeye, na ndipo anapoanza kukwambia foleni imekuwa kubwa umwongeze kidogo.

Dereva wa Passo
Kwenye ile ninayoendesha mimi, nazibeba. Nyingine sijui.

Mama Tegeta
Kumbe ndiyo maana ya "niongezee ya maji". Na nitajuaje viwango vyao kama hawavionyeshi?

Hesabu Tu
Kwa bei iliyofungwa ni vigumu, maana hujui walibashiri dakika ngapi. Kwa apu inayolipisha dakika halisi inawezekana. Tafuta risiti mbili za siku ambazo bei haikupanda, kilomita zikilingana na dakika zikiachana mbali. Tuseme mleta mada angekuwa na safari nyingine ya kilomita 9.4 iliyochukua dakika 44 kwa 10,000. Toa 8,600, zinabaki 1,400. Gawa kwa dakika 20 zilizozidi, ni 70.

Tahadhari ni ile ya kuweka sawa kwenye mia. Kila risiti inaweza kuwa imesogea hadi 50, kwa hiyo tofauti yao inaweza kukosea hadi 100, na 100 kugawa kwa 20 ni shilingi 5 kwa dakika. Jibu lako liko kati ya 65 na 75. Ukitumia risiti zilizoachana dakika nne tu, jibu halikusaidii chochote. Ukishapata dakika, fanya hivyo hivyo kwa kilomita. Kitakachobaki ni bei ya kuanzia na ada ya kuagiza zikiwa zimeshikana, na hizo mbili huwezi kuzitenganisha mpaka upate risiti yenye kizidishi.

Mkazi wa Sinza
Kwa nini yenye kizidishi?

Hesabu Tu
Kwa sababu kizidishi kinaigusa moja na kuiacha nyingine. Kwako 1,000 ilizidishwa, 300 haikuzidishwa.

Kijana wa Buza
Na mimi ninayekwenda Kigamboni? Tozo ya daraja nayo wanaizidisha?

Dereva wa Passo
Tozo nalipa mimi pale getini, kwenye risiti inaingia kama ilivyo. Ukiona imezidishwa, lalamika, hapo una haki.

Kijana wa Buza
Ya wiki iliyopita ilikuwa 1.3x, jumla 21,400. Sijui kama tozo imo.

Hesabu Tu
Weka kilomita na dakika tuone.